Kukata na Kukuza Sehemu ya Picha ya Video: Mfano wa Midomo katika Ekegusii

Katika maandishi ya Ekegusii, herufi b husimamia matamshi mawili. Baada ya nazali, kama katika embura (mvua) na enyomba (nyumba), midomo hufungwa kabisa na sauti ni kipasuo. Kwingineko, kama katika abana (watoto), au baba, neno ambalo kwa Abagusii humaanisha mama mzazi, midomo hukaribiana bila kufungwa na hewa hupita kwa mkwaruzo. Hivyo ndivyo Cammenga alivyoieleza mwaka 2002. Mtafiti anayerekodi wazee wa Kisii na Nyamira, wasemaji wa Rogoro na wa Maate, huenda akapenda kujua iwapo mwanya huo wa midomo hubakia katika usemi wa haraka. Ikiwa anazo video za masimulizi tu, hana budi kukata eneo la mdomo katika picha nzima na kulikuza. Makala haya yanachunguza ni kwa kiasi gani picha iliyopatikana hivyo yaweza kuwa ushahidi.

Tuchukue video yenye upana wa pikseli 1920 na kimo cha 1080, inayomwonyesha msimulizi kuanzia kifuani. Amri ifuatayo hukata eneo dogo na kulikuza mara nne:

```
ffmpeg -i simulizi.mp4 -vf "crop=320:180:800:420,scale=1280:720:flags=neighbor" -crf 14 -c:a copy midomo.mp4
```

Katika crop, namba mbili za kwanza ni upana na kimo cha eneo linalobakizwa. Mbili za mwisho ni umbali wa kona yake kutoka ukingo wa kushoto na kutoka juu. Yafaa zote ziwe shufwa, na eneo lizidi mdomo kwa kiasi kizuri, kwani msimulizi hodari hatulizi kichwa. Amri hii haikati muda. Tumefanya hivyo kwa makusudi, ili alama za nyakati zilizokwisha kuwekwa katika ELAN zilingane na video mpya bila marekebisho.

Sasa tupige hesabu. Ikiwa upana wote wa picha unachukua milimita 960 za mahali alipoketi msimulizi, kila milimita ina pikseli mbili. Mdomo wa milimita 50 una pikseli 100, na mwanya wa milimita moja una pikseli mbili tu. Kuukuza mara nne hakuongezi hata chembe ya habari. Kila pikseli inakuwa mraba wa pikseli 16 zinazofanana. Neno neighbor linaiacha miraba hiyo ionekane wazi. Ukiweka lanczos mahali pake, picha italainika na kupendeza macho, lakini ulaini huo umebuniwa na hesabu ya kompyuta, si kamera. Mimi hupendelea miraba, kwa kuwa haimdanganyi mtu.

Rangi nayo haiaminiki sana. Kamera nyingi huhifadhi kipimo kimoja cha rangi kwa kila pikseli nne, ilhali mwangaza huhifadhiwa kwa kila pikseli. Kwa hiyo mwanya utafutwe kwa weusi wake, wala si kwa mpaka wa wekundu wa midomo. Aidha, fremu 25 kwa sekunde maana yake ni fremu moja kila milisekunde 40. Mkaribiano wa midomo waweza kuangukia fremu moja au mbili tu, na katika nyumba yenye giza fremu hizo hutoka na ukungu wa mwendo.

Basi mtafiti atajuaje kwamba anachokiona ni midomo? Ampime msimulizi kwa maneno yake mwenyewe. Katika embura midomo lazima ionekane imefungwa. Ikiwa mstari mweusi unaonekana hapo sawasawa na katika abana, mstari huo ni kivuli, wala si mwanya. Ikiwa hauonekani popote, hatuna haki ya kudai kwamba mzee anaifunga midomo katika abana: huenda picha haina uwezo wa kuonyesha mwanya. Hapa ndipo madai mengi yanapoweza kuharibika, maana kutoonekana kwa mwanya hugeuzwa kuwa ushahidi wa kipasuo. Katika hali hiyo mtafiti ategemee sauti, atafute mpasuko.

Kwa rekodi mpya, tiba ni nyepesi. Kabla ya masimulizi kuanza, rula ya milimita ishikwe kando ya mdomo kwa sekunde chache. Baada ya kukata na kukuza, mistari yake ihesabiwe. Isipohesabika, mwanya wa milimita moja hautaonekana pia. Kamera ya pikseli 3840 itatoa pikseli nne kwa milimita, na kamera ya pili iliyosogezwa karibu itatoa zaidi. Lakini kitufe cha kukuza kidijitali kwenye simu hakisaidii, kwani kwa kawaida nacho hukata na kukuza vivyo hivyo, tena papo hapo, na sehemu iliyokatwa haipatikani tena.