Jokofu la Chanjo Linapotuma Ujumbe

Chanjo nyingi hutunzwa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Mlango wa jokofu ukibaki wazi kidogo usiku, mlinzi wa getini hana habari, na muuguzi anayefika asubuhi anaweza kukuta joto limeshashuka kama vile hakuna kilichotokea. Dawa ya tatizo hilo si ngeni kwa mafundi: kihisi joto kinawekwa ndani ya jokofu, kinaunganishwa na kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, nayo inapewa kazi ya kuliamsha kundi la wahudumu kwenye simu zao.

Anayepeleka ujumbe huo ni boti, yaani programu yenye akaunti yake ndani ya kundi. Telegram ilifungua mlango huo mwaka 2015, na kuingia hakuna gharama. Fundi anaandika `/newbot` kwa akaunti iitwayo `@BotFather`, anaipa boti jina, na anarudishiwa tokeni, ambayo ni ufunguo mrefu wa tarakimu na herufi. Boti ikishaingizwa kwenye kundi, kinachobaki ni namba ya kundi, ambayo huanza na alama ya kutoa. Kutuma kwenyewe ni amri moja:

```
curl -s "https://api.telegram.org/bot$TOKENI/sendMessage" \
  -d chat_id=-1001234567890 \
  -d parse_mode=HTML \
  --data-urlencode "text=<b>JOKOFU 2: JOTO LIMEPANDA</b>
Sasa: 8.4 °C (kawaida 2 hadi 8)
Tangu: saa 2:20 usiku
Fanya: kagua mlango, kisha soketi"
```

Tokeni haipaswi kuonekana na mtu asiyehusika. Aliyenayo anaweza kusema lolote kwa jina la boti, na ikivuja, `@BotFather` huifuta kwa amri ya `/revoke` na kutoa nyingine.

Mistari minne ile haikupangwa hivyo kwa ajili ya urembo. Simu iliyofungwa huonyesha maneno machache ya mwanzo tu, kwa hiyo jina la jokofu na tatizo lake vinatangulia. Anayeamka usingizini ajue kwanza ni jokofu lipi. Saa nayo imeandikwa kwa hesabu ya watu wa hapa. Kompyuta ikiachwa ifuate saa za kimataifa, ambazo ziko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa tatu, ingeandika 17:20. Muuguzi aliyeshituliwa usiku asilazimike kupiga hesabu ya aina hiyo.

Hatari ya kupamba maandishi ni kwamba pambo likikosewa, Telegram haipeleki ujumbe wenye kasoro. Haipeleki kabisa. Kwenye mtindo wa `HTML`, alama ya `<` ni mwanzo wa agizo. Fundi akiandika "Joto <2", seva inalichukulia lile 2 kuwa agizo isilolijua, inajibu kosa namba 400 lenye maneno `can't parse entities`, na kundi halipati kitu. Mtindo wa `MarkdownV2` ni mkali zaidi, kwani hata nukta na alama ya kutoa lazima zitanguliwe na mkwaju wa nyuma, 8.4 peke yake inatosha kuuangusha ujumbe. Kwa habari zilizojaa vipimo, `HTML` ni chaguo bora: alama za kuchunga ni tatu tu, `<`, `>` na `&`, ambazo huandikwa `&lt;`, `&gt;` na `&amp;`. Hata hivyo, programu ikipata kosa 400, iutume tena ujumbe uleule bila pambo lolote. Ujumbe mbaya wa sura uliofika ni bora kuliko mzuri uliokataliwa.

Tatizo kubwa zaidi linaanza ujumbe unapofika vizuri mno.

Tuchukue zahanati ambayo kihisi chake hupima kila dakika. Saa 2:20 usiku joto linavuka nyuzi 8 kwa sababu mlango haukufungwa sawasawa. Programu ya mwanafunzi itasema: likizidi 8, tuma. Hadi saa 12 asubuhi zimepita dakika 580, na zinaweza kuwa zimetumwa jumbe 580. Kabla hazijafika hapo, wahudumu watakuwa wamelinyamazisha kundi, na wiki ijayo jokofu jingine likiharibika hakuna simu itakayolia.

Wengine hukata mzizi kwa kusema: tuma mara moja tu, mpaka joto lirudi chini ya 8. Hiyo nayo haitoshi, maana joto la jokofu linalohangaika halitulii. Linasoma 8.1, kisha 7.9, kisha 8.2, na kila likivuka mstari programu inadhani tukio ni jipya. Kinachohitajika ni mistari miwili iliyoachana. Saa ya hatari inaanza kuhesabu joto likizidi 8, na haifutwi mpaka lishuke hadi 7.5. Zikipita dakika 10 bila kushuka huko, ujumbe unatoka.

Kwa kanuni hiyo, ujumbe wa kwanza unafika saa 2:30. Kama hakuna aliyeshughulika, kikumbusho kinakuja baada ya nusu saa, kingine baada ya saa moja, halafu kila baada ya saa mbili: saa 3:00, 4:00, 6:00, 8:00, 10:00 na 12:00. Usiku mzima jumbe saba. Na kama muuguzi wa zamu alifunga mlango saa 3:05, joto likatulia chini ya mstari wa pili, kundi litaona jumbe tatu tu, wa mwisho ukisema hali imerudi. Huo wa mwisho unaweza kutumwa na `disable_notification`, ufike bila mlio.

Ubanaji huu uhesabiwe kwa kila jokofu na kwa kila aina ya tatizo. Kosa la kubana kwa jumla ni la kutisha: jokofu la pili limepata joto saa 2:30, la tatu likaanza kugandisha saa 2:40, na programu ikanyamaza kwa kuwa "imeshatuma". Chanjo ya homa ya ini aina ya B, kwa mfano, huharibiwa na kuganda. Kumbukumbu ya kilichotumwa nayo iandikwe kwenye faili, la sivyo umeme ukikatika na kurudi programu itaanza upya kama haijawahi kusema lolote.

Telegram yenyewe ina kikomo: boti isizidishe jumbe 20 kwa dakika katika kundi moja. Ikizidisha hupata kosa 429 lenye `retry_after`, idadi ya sekunde za kusubiri, na programu isubiri kweli badala ya kugonga tena papo hapo. Vihisi navyo hudanganya. Kile kinachotumika sana, DS18B20, kikiwashwa tu kabla ya kupima huonyesha 85. Hakuna jokofu la chanjo lenye nyuzi 85. Kipimo hicho kitupwe na kihisi kisomwe tena.

Kabla kundi halijaanza kuiamini boti, fundi aijaribu mchana: ashike kihisi kwa kiganja mpaka joto lipite 8, akiweke kwenye barafu, kisha achomoe waya wa umeme wa kompyuta. Jaribio la tatu halitaleta ujumbe, kwa sababu mashine iliyozimika haiwezi kujitangaza. Kwa hiyo panahitajika mashine ya pili, iliyo nje ya zahanati, inayopokea ishara kila baada ya dakika tano na kuliandikia kundi yenyewe ishara hiyo ikikosekana.