Westi Iliyovunjika Msalaba

Katika nyumba za zamani za mjini Dodoma, hasa zile zilizojengwa kabla ya mwaka 1973, wakati mji huu ulipoteuliwa kuwa makao makuu, bado yapo mahodhi ya kuogea ya chuma cha kusubu yaliyopakwa enameli nyeupe. Hodhi la namna hiyo halichakai upesi. Kinachochakaa ni westi, yaani ile pete ya shaba iliyo kwenye tundu la kutolea maji, yenye mdomo mpana juu na msalaba wa vijiti ndani yake. Pete hiyo ikianza kuvuja, maji hupenya chini ya hodhi na kulowanisha sakafu kwa miezi mingi kabla ya mtu yeyote kutambua. Kwa kuwa mahodhi mengi yamezungushiwa matofali na vigae, fundi hana budi kuchagua: aitoe westi kutoka juu, au abomoe ukuta.

Chukua mfano wa nyumba ya mwalimu mmoja ambaye hodhi lake limejengewa pande zote. Fundi amekuja na ufunguo wa westi, ambao ni kipande cha chuma chenye meno yanayoingia katikati ya vijiti vya msalaba. Anaupachika, anapitisha nondo kwenye tundu la ufunguo, anazungusha kinyume cha saa. Kijiti kimoja kinakatika, kisha cha pili. Mahali kilipokatika rangi si ya manjano tena. Ni nyekundu kama shaba tupu, na ukikikwaruza kwa kisu kinameguka.

Rangi hiyo ndiyo maelezo ya msiba wenyewe. Westi hutengenezwa kwa shaba iliyochanganywa na zinki. Maji ya Dodoma hutoka kwa sehemu kubwa katika visima virefu vya Makutupora, kaskazini ya mji, ambako hukaa muda mrefu katika mawe na kuyeyusha madini. Hivyo huwa na chumvi na chokaa. Maji yenye kloridi, yakituama juu ya pete na kufunikwa na utando wa chokaa, huondoa zinki polepole na kuacha shaba iliyojaa vinyweleo. Kijiti hubaki na umbo lake, lakini nguvu zake zimekwisha. Kwa hiyo fundi mwenye busara hukwaruza kijiti kwanza, ndipo ashike ufunguo.

Lakini hata kijiti kizima hubeba mzigo mkubwa kuliko mtu anavyodhani. Tuseme nondo ina urefu wa sentimita 40, na fundi anasukuma kila ncha kwa kani ya nyutoni 100, mkono mmoja mbele na mwingine nyuma. Jozi hiyo ya kani inatoa nguvu ya kuzungusha ya 100 × 0.40, yaani nyutoni-mita 40. Nguvu hiyo hiyo lazima ipite kwenye vijiti. Ikiwa meno ya ufunguo yanagusa vijiti karibu na ukuta wa pete, mahali ambapo pande mbili zinaachana kwa sentimita 3, kila kijiti kinapokea 40 ÷ 0.03, yaani nyutoni 1,300 na zaidi, sawa na uzito wa watu wawili. Ufunguo mdogo ukigusa karibu na kitovu, penye sentimita 1 tu, kani hupanda hadi nyutoni 4,000. Ndiyo sababu ufunguo usioenea vizuri huvunja msalaba ambao ungeweza kuokoka.

Baada ya vijiti viwili kukatika, la kwanza ni kutazama vilivyobaki viko wapi. Kama vimebaki viwili vinavyokabiliana, au hata vishina vyake tu vilivyoshikana na ukuta, kazi haijaharibika. Fundi huchukua koleo, ile wanayoiita plaizi, huisimamisha wima na kuingiza miguu yake miwili ndani ya tundu, kila mguu ukiegemea kishina kimoja upande ulio kinyume. Kisha hulaza koleo ya pili, au bisibisi nene, kati ya vichwa vya ile ya kwanza, hata zote mbili zikakaa kama msalaba. Ya chini inashika, ya juu inazungusha. Faida ya njia hii ni kwamba miguu ya koleo inaweza kutanuliwa ikafika ukutani, penye mkono mrefu wa kani. Kama kimebaki kijiti kimoja tu, hakuna jozi ya kani: kusukuma upande mmoja kunaibana pete dhidi ya hesi zake na kumaliza kijiti cha mwisho.

Kabla ya kuongeza nguvu yafaa kulegeza. Siki ikimwagwa katika tundu lililozibwa kwa chini kwa kitambaa huchemka mapovu, kwa sababu asidi yake inayeyusha chokaa na kutoa hewa ya kaboni. Nusu saa inatosha, kisha isuuzwe, maana siki ikidumu huondoa mng'ao wa enameli. Maji ya moto nayo husaidia: shaba hutanuka kuliko chuma, hivyo kupasha na kupoza mara mbili tatu hupasua utando, na puti ya zamani hulainika. Moto wa taa ya kuchomelea usitumike, kwa kuwa enameli hupasuka.

Sasa sharti swali moja lijibiwe, na mafundi wengi hulisahau. Westi nyingine zimefungwa ndani ya kiwiko kilicho chini, nazo hutoka kwa kuzungushwa kutoka juu. Nyingine, za mtindo wa Kiingereza, zimekazwa na nati kubwa chini ya hodhi; hizo hata zikizungushwa kutwa hazitapanda. Alama ni rahisi. Hesi za kipimo hiki huwa na mapengo ya milimita 2 hivi, basi mzunguko mmoja kamili lazima uinue mdomo wa pete kwa kiasi hicho. Kama pete inazunguka bila kuinuka, fundi aache mara moja, la sivyo atakata bomba la chini. Hapo hakuna njia ila kufungua dirisha dogo katika matofali ili kuifikia nati.

Katika nyumba ya mwalimu wetu vishina navyo viling'oka. Kilichobaki ni ukuta laini wa pete. Fundi akachukua jino la msumeno wa chuma, akalifunga kitambaa upande mmoja, akakata mifereji miwili inayokabiliana katika ukuta wa ndani, kisha akaipanua kwa tupa. Ndani yake akatia kipande cha chuma bapa kilichotosha upana wa tundu. Hapo alikuwa ametengeneza msalaba mpya ulio bora kuliko wa kwanza, maana mkono wake wa kani ni sentimita 4 na kila upande hupokea nyutoni 1,000 tu. Pete ikalia, ikalegea, na kwenye mzunguko wa kwanza mdomo ukainuka.

Kama isingelegea, angeikata mifereji miwili iliyo karibu, kiasi cha sentimita 1 kati yake, hadi karibu na hesi, na kukiinamisha kipande hicho kwa ndani. Pete iliyopoteza kipande hupungua kipenyo na kuachia. Hatari ni kukata mno: mstari mweusi wa puti ukionekana mwisho wa mkato, msumeno umefika mpakani, na jeraha lolote kwenye hesi za kiwiko litavuja baadaye.

Hesi zilisuguliwa kwa brashi ya waya, washa mpya ya mpira ikawekwa, na puti ikapakwa chini ya mdomo. Westi mpya ilianzwa kwa vidole vitupu, mizunguko mitatu, kuhakikisha haikupinda. Kisha hodhi likajazwa maji sentimita 10 na kuachwa usiku kucha likiwa limezibwa, na kipande cha gazeti kavu kikasukumwa chini kupitia tundu la panya.