Kampuni inasema imelipa, sekta inasema haijaona: namna ya kulinganisha redevansi ya madini

Mi ni agronome, siko kontabile. Kama leo nakuja kuwaeleza mambo ya redevansi ya madini, ni juu mahindi njo yalinifikisha humo.

Mwaka juzi nilikuwa katika ekipi yenye ilikuwa inasaidia sekta moja ya Lualaba kuandika plani yake ya maendeleo. Jina la sekta naliacha. Wakulima waliomba vitu viwili: barabara ya kutoa mahindi hadi kwenye lami, na mbegu nzuri mbele ya mvua ya kwanza. Tukauliza: sekta inapata feza ngapi kwa mwaka kutoka kwa kampuni yenye inachimba shaba pale? Kontabile wa sekta akafungua kaye yake, akasoma namba. Kisha siku mbili mtu wa kampuni akatuonyesha namba yake, na ilikuwa kubwa kupita ile ya sekta. Katikati ya namba mbili ndimo barabara yetu ilikuwa inapotelea. Palepale watu wakasema: "Wamekula." Mi pia nilifikiri vile. Kumbe nilikosea, lakini si kabisa.

Kwanza tuelewane juu ya ile feza yenyewe. Redevansi si kodi ya faida. Kampuni ipate faida ao ikose, madini ikitoka mahali pa kazi ili iuzwe, redevansi iko inadaiwa. Sheria ya madini ya 2002 iliweka shaba kwa 2%, tena ilikuwa inaruhusu kampuni iondoe kwanza garama ya usafiri, ya analizi, ya asiransi na ya kuuzisha. Sheria ya tarehe 9 Machi 2018 ilipandisha shaba hadi 3,5%, na hesabu inafanywa kwa bei nzima ya soko, bila kuondoa zile garama.

Halafu ile feza inagawanywa mara ine: 50% kwa serkali kuu, 25% kwa provensi, 15% kwa sekta, shefri ao komini yenye mgodi iko ndani yake (njo yenye wanaita ETD), na 10% kwa mfuko wa madini wa vizazi vijavyo, FOMIN. Hapa njo watu wengi wanachanganya. Ile 15% haipitii Kinshasa ili irudi. Kampuni inapaswa kuilipa moja kwa moja kwenye konti ya ETD. Kwa hiyo deni ni moja, lakini malipo ni ine, na wapokeaji ni wane wenye hawasomi kaye moja. Kwa ile 50% unaenda kwa DGRAD, kwa ile 25% unaenda kwa ofisi ya mapato ya provensi, na kwa ile 15% unaenda kwa kontabile wa sekta, wenye pengine ana meza moja na kalamu mbili.

Kulinganisha kunafanyika namna gani? Ni kazi yenye ITIE inafanya kwa inchi nzima, na Kongo iliingia humo kama kandida mwaka 2008. Unapeleka fomilere moja kwa pande mbili. Kampuni inaandika yenye ililipa, serkali inaandika yenye ilipokea, na hapana mmoja kuona jibu la mwingine kwanza. Kila mstari unabeba tarehe, kiasi, aina ya feza (dola ao franka), namba ya bordero, na konti yenye ilipokea. Na unauliza feza yenye ilitembea ndani ya mwaka, si deni yenye kampuni iliandika kwa vitabu vyake. Kampuni inaweza kuandika deni la Novemba na kulilipa Februari. Ukichanganya ile mbili, utapata tofauti yenye haiko.

Kisha hapo unaweka mstari mbele ya mstari. Usilinganishe jumla tu. Jumla mbili zinaweza kufanana juu makosa mawili yameuana: moja limeongeza, lingine limepunguza. Nimeona vile hata kwa depo ya mbolea.

Sasa nirudi kwa sekta yetu. Namba nimezibadilisha ili isijulikane, lakini hesabu na sababu ni zilezile. Tuseme kila mwezi kampuni ilitoa tani 1 000 za katode, bei ya dola 8 500 kwa tani. Ni dola 8 500 000. Redevansi ya 3,5% inakuwa dola 297 500, na 15% ya sekta ni dola 44 625. Mara miezi 12, kampuni ilitangaza dola 535 500. Kaye ya sekta ilikuwa na malipo 9 tu, jumla dola 400 800. Tofauti: dola 134 700.

Ukiangalia haraka, unaona kama malipo matatu yamepotea. Lakini tatu mara 44 625 ni dola 133 875. Inabaki dola 825 yenye haiingii. Tukaanza na ile kadogo, juu kitu kadogo kinakuonyesha namna kaye inaandikwa. Kontabile alikuwa anaandika feza yenye ilifika kwenye konti, kisha banki kukata komisioni yake. Zile komisioni za malipo 9 zikifanya dola 825. Hapo hakuna mwizi. Tuliomba tu aandike kiasi kizima kwa kolone moja, na komisioni kwa kolone ingine.

Mstari wa kwanza wenye ulikosa ulikuwa wa Desemba. Kampuni ilitoa oda kwa banki tarehe 29 Desemba, feza ikaingia tarehe 5 Januari. Kwa kampuni ni mwaka huu, kwa sekta ni mwaka wenye unakuja. Tofauti kama ile inakubaliwa, lakini paka ukiona releve ya banki ya Januari kwa macho yako. Na utazame pia mwanzo wa mwaka: kama Desemba ya mbele nayo ilichelewa vile, itakuwa imeingia kwa kaye ya mwaka huu na kuficha shimo. Kwetu haikuwa vile, lakini tulipaswa kuangalia.

Mstari wa pili, wa Mei, bordero ilikuwa ya kweli, na muhuri wa banki iko. Tukasoma namba ya konti polepole: haikuwa ya sekta yetu, ilikuwa ya sekta jirani. Shimo la mgodi lilikuwa linasogea kila mwaka, na ile mwezi mtu fulani wa kampuni aliamua kwamba kazi imevuka mpaka. Kwa hiyo kampuni ililipa kweli, serkali kwa jumla ilipokea kweli, na ukilinganisha kwa inchi nzima hakuna shida yoyote. Shida inaonekana paka ukishuka hadi kwa ETD moja moja. Ni juu ya ile mi siamini raporti yenye inaweka maETD yote ya provensi kwa mstari mmoja.

Mstari wa tatu, wa Julai, njo ulitukalisha wiki mbili. Kampuni ilikuwa na barua ya ndani yenye inasema "ilipwe", lakini hapana bordero, na kwa releve ya banki yake feza haikutoka. Mwisho wakatujibu kwamba walikata ile mwezi juu walikuwa wamenunulia sekta gari, wakati wa mkubwa wa sekta wa zamani. Tukaomba karatasi ya mapatano. Haikuwa. Sekta nayo haina gari yenye inafanana na ile wanasema. Sheria inaomba feza iingie kwenye konti. Kukata deni kwa maneno ya mdomo si malipo. Tuliandika: dola 44 625, haijaelezwa. Mkubwa mmoja alitusukuma tuiweke "imelipwa kwa vitu" ili jedwali ifunge vizuri. Tulikataa. Jedwali yenye inafunga kila wakati, mi ninaiogopa.

Kwa inchi pia ilitokea. Mwanzo wa 2013 shirika Global Witness liliomba DGRAD ieleze dola milioni 88 za malipo ya madini yenye raporti ya ITIE ya mwaka 2010 haikuweza kuonyesha wazi. Mwezi wa ine wa mwaka uleule ITIE ikasimamisha Kongo kwa muda, juu namba za ile raporti hazikuwa kamili wala hazikuwa na uhakikisho wa kutosha. Inchi ikakubaliwa kama yenye inafuata kanuni mwezi wa saba 2014. Wengine waliona ile ni haya. Mi naona kwamba jambo lilijulikana juu pande mbili ziliandika namba zao mahali pamoja.

Lakini kuna kitu kazi hii haiwezi kuona, na hapa nawaomba tuende polepole. Kulinganisha kunajibu ulizo moja: feza yenye ilitoka, ilifika? Haijibu: ilikuwa feza yenye ilipaswa kutoka? Chukua kobalti, yenye tangu mwisho wa 2018 ni madini ya stratejia na inalipa 10%. Inatoka sana kama hidroksidi, yenye iko na maji mengi ndani. Sisi maagronome tunajua hiyo hadisi: ukinunua mahindi ya unyevu 20% kwa bei ya mahindi makavu, umenunua maji. Kwa kobalti ni kinyume. Mwenye kusema maji iko mengi kupita ukweli, ao kobalti iko kidogo ndani, analipa kidogo.

Tuseme tani 100 za hidroksidi kavu, bei ya kobalti dola 30 000 kwa tani ya metali, ni mfano tu. Kama ndani kuna 30%, ni tani 30, dola 900 000, redevansi dola 90 000. Kampuni ikiandika 27%, redevansi inakuwa dola 81 000. Inalipa 81 000, serkali inapokea 81 000, pande mbili zinafanana hadi kwa dola ya mwisho. Raporti itasema "tofauti: 0". Kumbe dola 9 000 hazikuandikwa popote, na ndani yake sekta imekosa 1 350 kwa mzigo mmoja.

Ile unaikamata kwa karatasi zingine: sertifika ya CEEC yenye inaonyesha uzito na kiasi cha metali, analizi ya OCC, karatasi za dwane, na bei ya siku ile. Unahesabu redevansi wewe mwenyewe, halafu unaiweka mbele ya tangazo la kampuni. Sekta haina haki wala nguvu ya kupima mzigo, lakini inaweza kuomba kopi ya karatasi yenye ilitumika kufanya hesabu ya 15% yake. Zamani kontabile wetu alikuwa anapokea namba ya feza peke yake, bila kujua ni tani ngapi.

Leo kaye yake iko na kolone za tani, asilimia, bei, kiasi kizima, komisioni, na tarehe ya banki. Sekta jirani ilikubali kwa barua kwamba malipo ya Mei si yake, na imeanza kurudisha kwa sehemu tatu. Ya kwanza ilifika, na mbegu zilinunuliwa nayo mbele ya mvua. Barabara bado. Mstari wa Julai ungali umeandikwa "haijaelezwa", na barua yetu ya pili kwa kampuni iko na muhuri wa kupokelewa, lakini jibu halijafika.