Ushungi Hupimwa Kabla ya Kununuliwa

Binti mmoja wa mtaani kwetu alinunuliwa ushungi wa Idi, wa mraba, wenye sentimita 90 kila upande. Ulipotandazwa mezani ulionekana mpana wa kutosha. Alipoukunja pembe tatu, akaubana kwa pini chini ya kidevu na kuzirusha ncha mabegani, kifua kilibaki wazi, ilhali aya ya 31 ya Suratun-Nur imeagiza shungi ziteremshwe hadi vifuani. Kitambaa hakikuwa na kasoro. Kipimo ndicho kilichokosekana.

Ushungi wa mraba ukishakunjwa pembe tatu, urefu tunaoutumia si wa ubavu bali wa mshazari, yaani kutoka pembe moja hadi ile inayoielekea. Zidisha ubavu kwa 1.4: sentimita 90 hutoa 126. Mamake alipouzungusha utepe kutoka kidevuni, kupitia utosini, hadi kidevuni tena, alipata 62. Zikabaki 64 za ncha mbili, 32 kila moja. Lakini kutoka kidevuni, kukata kifua, hadi nyuma ya bega la pili, binti alihitaji 45. Basi 62 na mara mbili ya 45 ni 152. Gawanya kwa 1.4, utapata ubavu wa sentimita 109 hivi.

Jora la upana wa inchi 45 lina sentimita 114. Ukikata yadi moja na robo, urefu nao huwa inchi 45, na mraba umekamilika bila kupoteza kipande. Pindo likila sentimita moja na nusu kila upande, zitabaki 111, nazo zinamtosha binti yule. Kitambaa cha pamba, hata hivyo, kifuliwe na kukaushwa kabla ya kukatwa, kwani kikiruka baada ya kushonwa, ziada hiyo ndogo itapotea. Anayehitaji mraba mkubwa zaidi atafute jora la inchi 60.

Mtandio mrefu una hesabu yake. Wenye sentimita 180 kwa 70, ukitoa zile 62 za kuzunguka uso, hubakiza 118. Upande mfupi ukiachiwa 30, mrefu hupata 88, za kupita chini ya kidevu na kuteremka nyuma ya bega. Hapa upana ndio unaofunika kifua, kwa hiyo usiukunje mara mbili kwa urefu wake. Zile 70 zitakuwa 35, nawe utafunika shingo tu.

Kitambaa cha shifoni huteleza, hivyo mwongezee sentimita chache mvaaji asiyetulia. Ukifika dukani, vaa ushungi kama utakavyouvaa nyumbani, kisha inua mikono yote miwili juu. Ncha zikichomoka au kifua kikifunuka, omba ulio mkubwa zaidi.