Baiti Nne Zinazotangulia Ujumbe

Soketi ya TCP haijui ujumbe. Inajua baiti tu, zikifuatana kama zilivyotumwa. Ukituma "Habari" kisha "Karibu", upande wa pili unaweza kupokea "HabariKa" kwanza na "ribu" baadaye, na hakuna kilichoharibika. Mpokeaji atajuaje ujumbe wa kwanza umeishia wapi? Njia nyepesi ni kumtajia urefu kabla ya ujumbe wenyewe.

Tuseme tumekubaliana urefu uandikwe kwa baiti nne. "Habari" ina baiti sita, basi zitasafiri hizi, kila baiti kwa tarakimu mbili za msingi wa 16:

```
00 00 00 06 48 61 62 61 72 69
```

Ile 06 iko mwisho kwa sababu baiti nzito imetangulia, kama tunavyoandika mamia kabla ya makumi. Itifaki za intaneti, TCP ikiwemo, hufuata mpangilio huo. Vichakataji vya Intel na AMD, kinyume chake, huweka baiti nyepesi mbele. Programu ikichota namba kwenye kumbukumbu na kuituma bila kuigeuza, itapeleka `06 00 00 00`, na mpokeaji atasoma 100,663,296. Hapo programu haianguki wala hailalamiki. Inakaa tu ikisubiri baiti milioni mia zisizokuja. Ukiikuta imeganda hivyo, chapisha zile baiti nne za mwanzo kwenye skrini uone 06 imekaa upande gani.

Katika Python, alama `>` ndiyo inayotanguliza baiti nzito, mashine iwe ya aina yoyote:

```python
data = ujumbe.encode("utf-8")
soketi.sendall(struct.pack(">I", len(data)) + data)
```

Angalia kwamba tunapima `data`, si `ujumbe`. Kwa Kiswahili jambo hili lina uzito wake. Baadhi ya simu huandika "ng’ombe" kwa kutumia alama iliyopinda, ambayo katika UTF-8 huchukua baiti tatu. Neno lina alama saba lakini baiti tisa. Ukitangaza saba, mpokeaji atasoma "ng’om", na "be" itabaki njiani. Ujumbe unaofuata ukija, ataunganisha "be" na sifuri mbili za mwanzo wake, apate `62 65 00 00`, yaani urefu wa baiti 1,650,786,304. Kosa la neno moja limeharibu kila kinachofuata kwenye muunganisho huo. Baya zaidi, ukijaribu kwa "Habari" peke yake hutaliona kamwe.

Upande wa kupokea, `recv(4)` inaweza kuleta baiti mbili tu, kwa hiyo rudia kusoma mpaka nne zitimie, kisha rudia tena mpaka urefu uliotajwa ukamilike. Ikileta tupu, mwenzako amefunga muunganisho, acha kusoma. Na kabla ya kutenga kumbukumbu yoyote, linganisha urefu huo na kikomo chako, tuseme 65,536. Ukizidi, funga soketi: baada ya urefu usioaminika, huna namna ya kujua ujumbe unaofuata unaanzia wapi.