Hoja ya kupachika na chaguo bandia

Hoja potofu hizi mbili huchanganywa mara nyingi katika majaribio ya fikra tunduizi. Hoja ya kupachika ni kumpachika mpinzani dai dhaifu ambalo hakulitoa, kisha kulishinda dai hilo badala ya lile lake. Chaguo bandia ni kudai kwamba zipo njia mbili tu, ilhali ipo nyingine.

Kisa cha Milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, kinafaa kuzipambanua. Kuanzia mwaka 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima wa Kiluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Wengi walipinga. Kazi ilikuwa nzito mno, na uchimbaji ulifukia udongo wa juu wenye rutuba na kuibua ule wa chini usiostawisha mazao. Julai 1955 ghasia zilizuka Matombo, mtu mmoja akauawa kwa risasi, na hatimaye mradi ukaachwa.

Sentensi zifuatazo zimetungwa kwa ajili ya zoezi:

1. «Wanaopinga matuta hawajali udongo wao ukichukuliwa na mvua.»
2. «Ama mchimbe matuta, ama milima ibaki mawe matupu.»
3. «Shamba hili ama lina matuta, ama halina.»

Sentensi ya kwanza ni hoja ya kupachika. Wakulima walilalamikia kazi na rutuba; hawakusema kwamba mmomonyoko ni jambo jema. Ni rahisi kumshinda asiyejali udongo, lakini anayesema kwamba matuta yenyewe yanaharibu udongo anastahili jibu. Kipimo chake ni kuliweka dai la awali kando ya dai linalojibiwa na kuona kama yanalingana.

Sentensi ya pili ni chaguo bandia. Kupumzisha shamba, kutandaza masalia ya mazao na kupanda mistari ya majani kukingama mteremko pia hupunguza mmomonyoko. Kipimo hapa ni kutafuta njia ya tatu, na ikipatikana hata moja, hoja imeanguka.

Sentensi ya tatu ndiyo huwanasa wanafunzi. Ina «ama… ama» kama ya pili, lakini haina upotofu, kwa kuwa kuwa na kitu na kutokuwa nacho hakuachi nafasi ya hali ya tatu. Kiunganishi hicho basi ni ishara ya kuchunguza, si ushahidi.

Mtunzi wa jaribio naye ana wajibu wake. Sentensi ya kwanza ikitolewa bila maelezo ya yale ambayo wakulima walisema, mtahiniwa hana cha kulinganisha, na jibu lake litakuwa la kubahatisha. Swali la hoja ya kupachika halikamiliki mpaka maneno ya upande wa pili yawe yamewekwa mbele ya msomaji.