Stetimenti ya Msambazaji: Kila Tofauti Ina Mwenyewe

Mwezi ukigeuka, simu za wenye maduka huanza kuita. Upande wa pili ni karani wa madeni wa msambazaji. "Shikamoo mama, nimekutumia stetimenti kwa WhatsApp. Salio lenu ni milioni sita, laki mbili na ushee. Mnatulipa lini?" Mama anafungua leja yake anakuta milioni tatu na laki moja. Wapo wanaolipa ile sita palepale ili wasiharibu uhusiano, mzigo ujao usije ukacheleweshwa. Wapo pia wanaowaka na kumwita mwenzao mwizi. Wote wameharakisha, kwa sababu karatasi waliyotumiwa si ya kulipia. Ni ya kulinganishia.

Karatasi ya kulipia ni ankara. Kila ankara ni mauzo ya mara moja: ina namba yake, tarehe yake, bidhaa zilizouzwa, idadi, bei, kodi, na muda wa kulipa. Inatolewa mzigo unapouzwa, na deni linaingia kwa hiyo ankara. Kwa Tanzania Bara inafuatana na risiti ya mashine ya EFD, na hiyo risiti ndiyo inayomwezesha mfanyabiashara aliyesajiliwa VAT kudai kodi aliyolipa kwenye manunuzi.

Stetimenti ni kitu kingine. Ni nakala ya ule ukurasa wenye jina lako katika leja ya msambazaji. Juu kuna salio lililotoka mwezi uliopita, chini yake ankara za mwezi huu, kila moja mstari mmoja tu, kisha malipo yako, kisha hati za krediti kama zipo, na mwisho salio jipya. Haikuambii mifuko ya saruji ilikuwa mingapi wala bati ni za geji gani. Haileti deni jipya. Inakumbusha tu madeni ambayo ankara zimeshayaleta. Kwa hiyo stetimenti haiingizwi kwenye leja, wala haidaiwi VAT.

Hili linaonekana dogo mpaka ukute duka ambalo karani mgeni ameishika stetimenti, akaona nembo ya kampuni juu na jumla nono chini, akaiandika kama manunuzi. Deni la mwezi linakuwa mara mbili, manunuzi yanavimba, na duka lenye faida linaonekana kwenye karatasi kama linazama. Dalili yake ni rahisi kuiona: kwenye leja kuna manunuzi ya tarehe ya mwisho wa mwezi, yasiyo na namba ya ankara, na kiasi chake ni sawasawa na salio la stetimenti.

Kabla ya kulinganisha, zingatia jambo moja linalowachanganya wengi. Vitabu viwili hivi vinatazamana. Kwa msambazaji wewe ni mdaiwa, hivyo ankara anaiweka upande wa debiti na malipo upande wa krediti. Kwako yeye ni mdai, hivyo ankara ileile unaiweka krediti na malipo debiti. Ukiona pande zimepishana, usishtuke, ndivyo zinavyotakiwa ziwe.

Sasa tuchukue duka la vifaa vya ujenzi lililoko Morogoro, linalochukua mzigo kwa mkopo wa siku 30 kutoka kwa msambazaji wa Dar es Salaam. Stetimenti ya tarehe 30 Juni inasema hivi: salio la kuanzia ni Sh 3,400,000. Kuna ankara ya tarehe 4 ya Sh 2,360,000, ya tarehe 17 ya Sh 1,770,000, ya tarehe 23 ya Sh 1,180,000, na ya tarehe 29 ya Sh 944,000. Malipo ni moja, Sh 3,400,000 za tarehe 11, zilizofuta deni la Mei. Salio la mwisho ni Sh 6,254,000. Leja ya duka, tarehe hiyohiyo, inasoma Sh 3,129,000. Tofauti ni Sh 3,125,000.

Kishawishi cha kwanza ni kuitafuta hiyo 3,125,000. Hutaipata, kwa sababu hakuna muamala wowote wa kiasi hicho. Ni rundo la vitu vidogo vilivyojumlishwa. Mtunza hesabu mzoefu haitazami kabisa mwanzoni. Anaanza na salio la kuanzia. Hapa vitabu vyote viwili vinasema 3,400,000, basi tatizo limo ndani ya Juni. Yangekuwa hayalingani, angeiacha Juni na kurudi Mei, maana kulinganisha mwezi juu ya msingi uliopinda ni kupoteza jioni nzima.

Kisha penseli. Mstari kwa mstari, anachukua kilichoko kwenye stetimenti, anakitafuta kwenye leja, na kama namba ya ankara na kiasi vinafanana anaweka vema pande zote mbili. Namba na kiasi, vyote viwili. Kiasi peke yake hudanganya, hasa kwa wanaonunua mifuko ileile kwa bei ileile kila wiki. Akimaliza, vilivyobaki bila vema ndivyo vinavyoeleza tofauti yote. Hapa vimebaki vinne.

Cha kwanza ni ankara ya tarehe 17. Msambazaji anasema 1,770,000, leja inasema 1,707,000. Ankara yenyewe inapotolewa kwenye faili, inasema 1,770,000. Tarakimu zimepinduliwa wakati wa kuandika. Watunza hesabu wana mtego wa zamani kwa kosa hili: tarakimu mbili zikibadilishana nafasi, tofauti yake hugawanyika kwa 9 bila baki. Hapa tofauti ni 63,000, na ukigawa kwa 9 unapata 7,000. Ni fununu tu, si ushahidi, kwa kuwa tofauti nyingine nyingi nazo hugawanyika kwa 9. Lakini inakuelekeza pa kuangalia kwanza. Kosa hili ni la duka.

Cha pili ni ankara ya tarehe 29 ya Sh 944,000, ambayo haimo kabisa kwenye leja. Hapa usikimbilie kuiingiza eti kwa sababu msambazaji ameiandika. Swali ni kama mzigo ulifika. Jibu liko kwenye hati ya kupokelea mzigo: nani alisaini, tarehe gani, vitu vingapi. Katika mfano wetu mtunza stoo alisaini tarehe 29 jioni, akaikunja ankara pamoja na hati yake na kuvisahau kwenye droo ya stoo. Mzigo upo, deni ni la kweli, nalo linaingizwa kwa tarehe ya Juni. Pasingekuwa na saini, duka lisingeandika kitu. Lingemwomba msambazaji athibitishe kuwa mzigo ulifika.

Cha tatu kiko kwenye leja lakini hakipo kwenye stetimenti: Sh 2,000,000 zilizotumwa kwa benki tarehe 30 mchana. Msambazaji aliziandika tarehe 1 Julai. Hakuna aliyekosea, ni suala la siku tu, na kwa kawaida hujirekebisha lenyewe. Kwa kawaida, lakini si kila mara. Mtu akilipa kwa lipa namba au benki bila kutaja namba ya ankara, karani wa upande wa pili anaweza kuziweka pembeni kama fedha zisizojulikana mwenyewe, au kumpa mteja mwingine mwenye jina linalofanana. Basi tuma uthibitisho wa benki siku hiyohiyo, ukitaja ankara inayolipwa.

Cha nne ndicho kinachozua ugomvi. Tarehe 26 duka lilirudisha bati zilizopinda zenye thamani ya Sh 118,000, VAT ikiwamo. Dereva alizipakia na kusaini. Leja ya duka imeshapunguza deni, stetimenti haijapunguza kitu. Deni hilo litapungua kwa msambazaji pale tu atakapotoa hati ya krediti, na maneno ya dereva hayawezi kuchukua nafasi yake. Wapo wanaosubiri hati hiyo ndipo waandike. Mimi naona bora kuandika mara mzigo ukitoka na saini ikapatikana, ila kwa alama ya kuonyesha kuwa hati bado. Vinginevyo jambo husahaulika, na anayeumia si msambazaji. VAT yake, hata hivyo, isubiri hati.

Sasa vitu vyote vinne vimepata mwenyewe. Viwili vinarekebishwa kwenye leja ya duka. Viwili viko upande wa msambazaji, na duka haliruhusiwi kugusa leja yake kwa ajili hiyo. Kila upande unapewa yake:

Leja ya duka: 3,129,000 + 63,000 + 944,000 = 4,136,000

Stetimenti: 6,254,000 − 2,000,000 − 118,000 = 4,136,000

Zimekutana. Kosa baya kuliko yote katika kazi hii ni kuandika mstari mmoja kwenye leja, "marekebisho, Sh 3,125,000", ili leja ifanane na stetimenti. Salio lingelingana, na duka lingekuwa limekubali kulipa tena milioni mbili ambazo limeshazilipa.

Hata hivyo 4,136,000 sio pesa ya kumpa karani aliyepiga simu. Zile milioni mbili zinaingia kwenye ankara ya tarehe 4, inabaki Sh 360,000, na hiyo ndiyo inayoiva tarehe 4 Julai. Ankara ya tarehe 17 inaiva tarehe 17 Julai, na nyingine baada yake. Chini ya stetimenti nyingi kuna visanduku vinavyogawa deni kwa umri: la mwezi huu, siku 30, siku 60, siku 90. Vitazame. Malipo ambayo karani hakuyaelekeza kwenye ankara yoyote huacha ankara ya zamani ikionekana imechelewa, na duka linalolipa kwa wakati linajikuta linasimamishiwa mkopo.

Vitabu kukutana hakuthibitishi kila kitu. Kama bei ya saruji kwenye ankara ilikuwa juu kuliko mliyokubaliana, pande zote zimeandika bei hiyohiyo mbaya na penseli itaweka vema bila kusita. Hilo hukamatwa mapema, kwa kuweka oda, hati ya kupokelea mzigo na ankara pamoja kabla ya kuandika. Na kama stetimenti imekuja na namba mpya ya akaunti ya benki pale chini, usilipe humo mpaka umepiga ile namba ya simu uliyonayo siku zote, si iliyoandikwa kwenye karatasi hiyo.

Karatasi ya ulinganisho inafungwa pamoja na stetimenti, na nakala inatumwa kwa karani ikionyesha 2,000,000 na 118,000 kwa tarehe na viambatanisho. Stetimenti ya Julai ikija, mambo hayo mawili ndiyo yanayotafutwa kwanza. Milioni mbili ikikosekana, kuna mteja mwingine huko Dar mwenye krediti isiyo yake. Bati zikikosekana, simu safari hii inapigwa kutoka Morogoro, na haizungumzii malipo mpaka hati ya krediti itolewe.